Uso wa Rafiki Yako Si Mali Yako

Upo mchezo wa simu ambao vijana wetu wameuzoea sana. Mtu huchukua picha moja tu ya uso, huiingiza katika programu kama Reface au Wombo, huchagua wimbo au kipande cha video, na kabla hajamaliza kikombe cha chai, aliyekuwa ametulia pichani anatikisa kichwa na kuimba. Ukijifanyia mwenyewe, cheka upendavyo. Neno langu leo ni kwa yule anayeuchukua uso wa mwenzake bila kumwuliza.

Tuseme kijana ana rafiki aliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha watoto madrasa. Anaichukua kutoka WhatsApp picha ya rafiki huyo aliyevaa kanzu na kofia, anamwimbisha wimbo wa matusi, kisha anaituma video katika kundi la watu waliosoma pamoja. Wote wanacheka, kwa sababu wote wanamjua ustadhi na wanajua kwamba ni mzaha. Mmoja wao anaona si vibaya kuipeleka kundi jingine, na kwa kuwa alama ya programu iliyoko pembeni inamkera, anaikata. Huko nako inapelekwa mbele, mpaka inafika kwa wazazi wa wanafunzi. Video imefika, lakini maelezo kwamba ni utani yamebaki katika kundi la kwanza. Mzazi anamwona mwalimu wa mwanawe akitamka maneno machafu, tena kwa kinywa chake mwenyewe. Ustadhi anaulizwa mlangoni pa msikiti juu ya jambo ambalo hata hajaliona.

Ni kweli, mtazamaji makini angeweza kugundua. Herufi m, b na p haziwezi kutamkwa bila midomo kugusana. Katika video nyingi za namna hii sauti husema "mama" na midomo ikabaki wazi. Meno nayo huonekana kama utepe mmoja mweupe, na kichwa kikigeuka upande, ukingo wa shavu huyeyuka. Lakini video inayotumwa kwa WhatsApp hubanwa ili iwe nyepesi, na ikitazamwa kwenye kioo kidogo dosari hizo hufifia. Nani basi, akiwa ameshtuka, atakaa kuhesabu midomo?

Na mwenye mzaha akijuta, afanye nini? WhatsApp humruhusu kuufuta ujumbe wake kwa watu wote katika muda wa siku mbili hivi. Kinachofutwa ni ule alioutuma yeye. Nakala zilizokwisha kupelekwa makundi mengine ni ujumbe wa watu wengine, na zilizohifadhiwa simuni hazimsikii. Kwa hiyo anayesema "nitafuta akikasirika" anaahidi asichokiweza.

Wengine hunijibu kwamba ustadhi ni rafiki yao na hawezi kukasirika. Huenda kweli asiwakasirikie. Lakini heshima yake haimo mikononi mwao peke yao. Imo kwa wazazi, kwa mwajiri, kwa wakwe, watu ambao hawakuwamo katika utani ule. Picha aliyoiweka ili atambulike haikuwa ruhusa ya kumtilia maneno kinywani.

Tena programu nyingi huipeleka picha kwenye mitambo ya kampuni ili ikatengenezwe huko. Mwaka 2019 programu ya Kichina iitwayo Zao ililalamikiwa sana kwa sababu masharti yake yaliipa kampuni haki ya kudumu juu ya picha za watumiaji, hata ikalazimika kuyabadilisha. Wewe ulibonyeza kukubali. Rafiki yako hakuulizwa.

Serikali zetu nazo zimeanza kuliangalia jambo la picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nchini Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kilabu kimoja cha burudani cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Na picha ile ilikuwa ya kweli, haikutiwa neno lolote.

Kwa hiyo omba ruhusa kwanza, ukimtajia wimbo wenyewe na kundi unalokusudia kulitumia. Video ikishakuwa tayari, mwonyeshe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, maana aliyekubali wimbo wa harusi hakukubali kila wimbo. Akinyamaza, hesabu kwamba amekataa. Na kama simuni mwako sasa hivi mna video ya mwenzako asiyoijua, mpigie leo. Asipoiridhia, ifute, kisha uwaombe mmoja mmoja uliowatumia waifute nao.