Acheni Dirisha Mahali Pake

Nina ugomvi na wanaouza picha za vyumba. Unawatumia picha ya chumba chako, wanaipitisha kwenye akili mnemba, na baada ya dakika mbili unarudishiwa chumba cha hoteli. Kizuri, lakini si chako. Nina haki ya kugombana nao kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Nilipoacha chuo nikarudi Migori, niliishi kwa vikazi vya mtandaoni. Mama mmoja wa Homa Bay akanitumia picha ya chumba chake cha kupangisha, futi 10 kwa 10. Ukuta unaoukabili mlango una dirisha moja la grili, upana futi 4, limekaa katikati, kwa hiyo kila upande limebaki pengo la futi 3. Nikaandika maneno matamu: cha kisasa, chenye mwanga, cha kifahari. Picha ikaja na kabati la kupendeza kushoto kwa dirisha. Mama akafurahi, akamwagiza fundi wa hapa Migori.

Fundi aliniuliza, "Omera, vipimo viko wapi?" Nikamjibu, "Si unaona picha?" Akapiga hesabu kwa picha, akatengeneza kabati la futi 5. Likapakiwa kwenye pikapu, likapitia Rongo hadi Homa Bay, likawekwa ukutani. Likaziba nusu ya dirisha.

Sikuelewa mpaka nilipoweka rula kwenye skrini. Katika picha ya mama, ukuta ule ulikuwa na sentimita 5, na dirisha lilianza sentimita 1.5 kutoka kona. Yaani nusu sentimita ni futi 1. Katika picha yangu ukuta ulikuwa vilevile, lakini dirisha lilianza sentimita 2.5. Lilikuwa limesogea futi 2 kulia na hakuna aliyeona.

Mashine haikukosea. Niliiambia ninachotaka kubadilisha, sikuiambia kisichohama. Maagizo mazuri huanza na kisichohama:

```
Usibadilishe: kuta, dari, mlango, pembe ya kamera.
Dirisha moja la grili, katikati ya ukuta wa mbele,
upana wake sehemu 2 kati ya 5 za ukuta.
Badilisha tu: rangi ya kuta, pazia, kitanda, taa.
Kabati jembamba kushoto, lisifike dirishani.
```

Nimeandika sehemu 2 kati ya 5, sikuandika futi 4, kwa sababu mashine haina futi ya kupimia. Inaona picha tu, na ndani ya picha kitu hupimwa kwa kitu kingine.

Hata hivyo maneno peke yake hayatoshi, na hapa ndipo wauzaji wanapowadanganya watu. Ukitumia Stable Diffusion, kuna kipimo kinachoitwa `denoising strength`, kutoka 0 hadi 1. Kikiwa chini sana chumba kinabaki kama kilivyokuwa. Kikikaribia 1, picha yako inasahauliwa karibu yote. Ndiyo sababu ya kuongeza ControlNet, iliyotoka 2023. Ukichagua `mlsd`, inachora mistari iliyonyooka ya picha yako, kingo za dirisha, mlango na kona za dari, na picha mpya inajengwa juu ya mistari hiyo. Ina kasoro yake: kingo za kitanda cha zamani nazo ni mistari, kwa hiyo kitanda kipya kitang'ang'ania palepale. Dawa ni kupiga picha chumba kikiwa kitupu.

Na ipige vizuri. Simama mlangoni, simu usawa wa kifua bila kuiinamisha, usitumie lenzi ya 0.5x, maana inapanua chumba na kupinda kuta za pembeni. Picha ya 4:3 itoke 4:3. Ukiomba 16:9, mashine italazimika kukata chumba au kubuni ukuta usiokuwepo.

Mwisho, weka picha mpya juu ya ya zamani, ipunguze iwe nusu wazi, uangalie pembe 4 za dirisha. Zikionekana mara mbili, dirisha limehama. Tupa picha, anza tena.

Najua jibu lao: "Mteja ananunua ndoto." Sawa, muuzieni ndoto anayelala. Huyu wa Homa Bay alikuwa macho, ana wapangaji na mbao za kulipia. Nilipompigia kumwomba msamaha alisema tu, "Kijana wangu, mimi nilidhani umekiona chumba changu."

Kabati lilikatwa futi 2, na pesa ya kulikata ilitoka mfukoni mwangu. Sasa hakuna picha inayotoka kwangu kabla ya rula, na hata ikitoka, fundi anapewa vipimo vya futi kamba kutoka chumbani. Anayeuza picha bila kufanya hivyo, na aandike juu yake kwamba si ya kujengea.