Goti linauma, kumbe tatizo liko kwenye nyonga

Mvulana wa miaka 13, mwenye uzito mkubwa, anachechemea wiki ya tatu sasa. Analalamikia goti, lakini eksirei ya goti haionyeshi kitu. Akisimama, unyayo wa mguu huo umegeukia nje.

Huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye nyonga, penye gegedu linalorefusha mfupa. Maumivu husikika gotini au pajani kwa sababu mishipa ya fahamu ni ileile.

Mtoto wa namna hii asikandwe wala asiendelee kutembea. Abebwe hospitali siku hiyohiyo, na mzazi aombe eksirei ya nyonga zote mbili. Upasuaji wa kutia skrubu huzuia mfupa kuteleza zaidi. Ukiteleza ghafla, kichwa hicho kinaweza kukosa damu na kufa.