Mashua imejaa, nani atupwe? Kwanza niambie ni nani ameshika orodha

Kama umewahi kwenda kambi ya vijana wakati wa likizo, mchezo huu unaujua. Mnagawanywa katika makundi, mnapewa karatasi. Meli imezama, mashua inabeba watu sita, lakini nyinyi mko kumi. Kuna daktari, mama mjamzito, mhubiri, mwanafunzi wa chuo, mzee wa miaka 70, mlevi, na kadhalika. Mna dakika ishirini kuamua nani abaki na nani aende majini.

Mlevi huwa anaenda wa kwanza, si ndio? Hata hatumpi nafasi ya kujitetea. Halafu mzee, kwa sababu "ameishi vya kutosha". Nilipocheza mara ya kwanza tulimaliza kwa dakika nane tu na tukapigiwa makofi kwa kuelewana haraka. Ni baadaye sana, nikisoma kuhusu mashua moja ya kweli, ndipo yale makofi yalianza kunikera.

Hebu twende huko kwenye mashua yenyewe. Machi 1841, meli ya Marekani iliyoitwa William Brown iling'oa nanga Liverpool, Uingereza, kuelekea Philadelphia. Ilibeba abiria 65, wengi wao Waskoti na Waayalandi waliokuwa wanahama kutafuta maisha. Usiku wa Aprili 19, kusini mashariki mwa kisiwa cha Newfoundland, ikagonga mlima wa barafu. Meli ilikuwa na mashua mbili pekee. Nahodha na baadhi ya mabaharia waliingia katika ile ndogo wakiwa na abiria mmoja tu. Ile kubwa ilichukua naibu wa nahodha, mabaharia wanane na abiria 32. Karibu nusu ya abiria walibaki melini, wakazama nayo.

Mashua hiyo kubwa ilikuwa na urefu wa futi 22 na nusu na upana wa futi sita. Fikiria matatu ya abiria 14, iongeze urefu kidogo, itoe paa, kisha upakie watu zaidi ya 40. Tena ilikuwa inavuja tangu mwanzo, watu wakiteka maji na kuyamwaga bila kupumzika. Asubuhi, kabla ya mashua hizo mbili kuachana, naibu alimwambia nahodha kwamba wasipopunguziwa watu, itabidi wapige kura ya bahati na kuwatupa wengine. Nahodha akamjibu kwamba hilo lisizungumzwe sasa, liwe la mwisho kabisa.

Shika hilo la kura. Tutalirudia.

Usiku uliofuata, kama saa nne hivi, mvua ilikuwa inanyesha, upepo umeongezeka na mawimbi yanaingia. Naibu aliacha kuteka maji akawaamuru mabaharia waanze kazi. Mwanzoni hawakusonga. Aliporudia, wakaanza. Agizo lilikuwa mume na mke wasitenganishwe na wanawake wasitupwe. Wanaume 14 walitupwa baharini. Wengine waliomba dakika chache za kusali. Abiria mmoja, Frank Askin, aliahidi kutoa sarafu tano za dhahabu ili aachwe hadi asubuhi. Alisema msaada usipofika kufikia wakati huo, wapige kura, na ikimwangukia yeye ataenda kama mwanamume. Hawakumsikiliza. Dada zake wawili pia walikufa majini usiku huo, na mahakamani haikubainika wazi kama walitupwa au waliruka wenyewe kumfuata kaka yao.

Hakuna baharia hata mmoja aliyetupwa.

Asubuhi meli iitwayo Crescent ikawaokoa waliobaki. Mwaka 1842, baharia mmoja, Alexander William Holmes, alishtakiwa mjini Philadelphia. Baraza la wazee wa mashtaka lilikataa kumshtaki kwa mauaji ya kukusudia, basi akahukumiwa kwa kosa dogo kuliko hilo: miezi sita gerezani na faini ya dola 20.

Sasa wewe uliye na karatasi ya kambi mkononi, ungesemaje?

Wengi wetu tunaanza na hesabu. Wafe 16 au wafe wote? Hii ndiyo njia ya kupima kitendo kwa matokeo yake, ile ambayo wanafalsafa Waingereza kama Jeremy Bentham na John Stuart Mill waliisifia. Siidharau. Ukiwa na maji kifuani, mtu anayekataa kuhesabu si mtakatifu, huenda ni mzembe tu. Na mabaharia walikuwa na hoja: bila wapiga makasia, mashua nzima ingekwenda chini.

Lakini hesabu hiyo ina shimo. Saa nne usiku hakuna aliyejua kwamba Crescent ingetokea asubuhi. Hakuna aliyejua pia kama mashua ingezama saa tano, saa tisa, au isizame kabisa. Wewe kwenye karatasi umeambiwa "mashua inabeba watu sita", kana kwamba idadi imepigwa muhuri. Bahari haina muhuri. Aliyetupwa kifo chake ni cha hakika, ilhali wokovu wa waliobaki ni wa kukisia. Na kuna jambo linaloniumiza zaidi: kulipokuwa kumekucha, wanaume wawili waliokuwa wamekakamaa kwa baridi walitupwa pia. Zilikuwa zimebaki saa chache tu msaada ufike. Unaona jinsi mkono unavyozoea? Wa kwanza alitupwa baada ya amri kutolewa mara mbili. Hawa wa mwisho sidhani kama walihitaji mjadala mrefu.

Tena hesabu haikomei usiku mmoja. Ikijulikana kwamba mambo yakiharibika mabaharia huwatupa abiria, safari ijayo abiria atapanda na kisu. Mashua ambayo kila mtu anamchunga jirani yake haitekwi maji vizuri.

Upande wa wajibu ndio ulioamua kesi. Jaji Baldwin hakusema kwamba ni marufuku kabisa mtu kufa ili wengine wapone. Aliuliza nani anadaiwa nini. Baharia analipwa ili kukabili hatari za bahari, abiria amelipa nauli ili avushwe. Kwa hiyo, alisema, wabakizwe mabaharia wanaohitajika kuiendesha mashua. Wakizidi hapo, hawana haki ya kupona kabla ya abiria. Na kati ya watu walio sawa, kama kuna muda, chaguo lifanywe kwa kura ya bahati.

Kwa nini kura? Kwani si ni ukatili uleule tu? Hapana, na hapa ndipo mimi nimesimama. Immanuel Kant, Mjerumani aliyeshikilia sana mambo ya wajibu, alifundisha kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kumfikisha mwingine anakotaka. Ukinitupa kwa sababu sina mke mashuani, umenipangia bei bila kuniuliza. Lakini tukipiga kura, mimi na wewe tumeingia na nafasi sawa, na ninaweza kukubali utaratibu huo hata kama utaniua. Askin alikubali! Mtu aliyekuwa anakaribia kufa gizani aliweza kutamka sharti la haki ambalo wenye nguvu hawakulitaka. Na wasiseme hawakulifikiria. Naibu mwenyewe ndiye aliyelitaja asubuhi ile. Hadi usiku likawa limesahaulika, na ukiuliza lilisahaulika kwa faida ya nani, tazama waliofika salama.

Kura haimalizi kila kitu, nakubali. Ikimwangukia mpiga makasia bora je? Jaji alimwachia nafasi yake, lakini nani ataamua ni makasia mangapi yanatosha? Wapiga makasia wenyewe? Na mtoto mchanga anawekwa kwenye kofia ya majina? Mimi ningesema hapana, na sina hesabu ya kuthibitisha.

Kisha kuna Holmes kama mtu. Walioamini, kama Aristotle, kwamba tuulize mtu ana tabia gani wangepata kazi ngumu hapa, maana huyu jamaa hakuwa mnyama. Meli ilipokuwa ikizama, alirudi kumchukua msichana mgonjwa ambaye mama yake alikuwa akimlilia kutoka mashuani. Aliwapa wanawake nguo zake kwenye ile baridi. Ni yeye aliyeiona Crescent kwa mbali, na akawaambia wenzake walale chini watulie, kwa sababu mabaharia wa meli ile wakiona umati wangeweza kugeuza njia na kujifanya hawakuona kitu. Hebu fikiria: alijua fika jinsi watu huhesabu vichwa kabla ya kuamua kuokoa.

Kwa hivyo ushujaa alikuwa nao, huruma pia. Alichokosa usiku ule ni uadilifu wa kujiingiza yeye mwenyewe kwenye hesabu. Kumfia mtu mmoja unayemwona analia, Holmes aliweza. Kusema "na jina langu liwekwe" mbele ya wenzake wanane waliokwisha kubaliana kwamba wao hawamo, hilo lilimshinda. Sijui kama mimi ningeweza. Wewe je? Usijibu haraka. Wenzako wakiwa upande mmoja na amri imeshatoka, kusema hapana ni kazi nyingine kabisa.

Ndiyo maana nikikumbuka ile karatasi ya kambi naona kasoro yake haikuwa kwamba tulimtupa mlevi. Orodha ilikuwa na watu kumi na wote walikuwa wengine. Daktari, mzee, mhubiri. Hakuna kundi lililoandika jina la mwanakikundi. Sisi tulikuwa tumeshika kalamu, kumaanisha sisi ndio tulikuwa mabaharia.

Mwaka juzi niliombwa kuongoza mchezo huo kwa vijana wa mtaani kwetu. Niligawa karatasi tupu, nikawaambia waandike majina yao wenyewe, na langu, wayakunje na kuyatia kwenye kofia. Hakuna aliyetoa jina hata moja. Walibishana saa nzima: je, mashua haiwezi kweli kubeba mtu mwingine, nani hajapumzika kuteka maji, tunaweza kungoja hadi saa ngapi. Msichana mmoja akauliza kama anaweza kuning'inia pembeni, ashike kamba, kwa zamu.

Dakika nane zilipita bila mtu hata mmoja kutupwa majini.