Kwa nini Kenya ilishindwa kuirudisha kesi nyumbani kutoka The Hague

Shauri la jinai linaloanzia Kibakwe, wilayani Mpwapwa, lina njia inayofahamika. Likianza katika Mahakama ya Mwanzo, asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu mjini Dodoma, na mwisho wake ni Mahakama ya Rufani. Kila ngazi inaweza kuitengua hukumu ya ngazi iliyo chini yake. Wananchi wengi huiona Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) kuwa ngazi moja zaidi juu ya hizo, ambako mtu aliyeshindwa nyumbani hupeleka rufaa yake ya mwisho. Sivyo ilivyo. Mahakama hiyo haisikilizi rufaa kutoka mahakama ya nchi yoyote, wala haina mamlaka ya kusahihisha hukumu zake. Yenyewe huingia pale tu mahakama za nchi zinapokuwa hazijalishika shauri, au zimelishika kwa hila, au zimevunjika kiasi cha kutoweza kulishika.

Huo ndio msingi unaoitwa kanuni ya ukamilishaji, nao umewekwa katika Ibara ya 17 ya Mkataba wa Roma. Dola ndiyo yenye haki ya kwanza ya kushitaki, na ICC hukamilisha palipopunguka. Maelezo hayo ni mepesi mpaka dola inapoinuka na kusema kuwa jambo hilo inalo mkononi. Kenya ilisema hivyo mwaka 2011, na namna ilivyoshindwa inafundisha zaidi kuliko maneno ya mkataba wenyewe.

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilipendekeza, Oktoba 2008, iundwe mahakama maalumu ndani ya Kenya. Orodha ya watuhumiwa iliwekwa katika bahasha iliyofungwa na kukabidhiwa kwa Kofi Annan, ili mahakama hiyo isipoundwa, majina yaende The Hague. Februari 2009 Bunge la Kenya liliukataa muswada wa kuiunda. Julai mwaka huo bahasha ikafika kwa Mwendesha Mashtaka, Luis Moreno-Ocampo. Desemba 2010 alitaja watu sita: William Ruto, Henry Kosgey, Joshua Sang, Francis Muthaura, Uhuru Kenyatta na Mohammed Hussein Ali. Machi 8, 2011 majaji wakawapelekea hati za wito.

Machi 31, 2011 Serikali ya Kenya iliwasilisha pingamizi. Ilieleza kwamba nchi ilikuwa imepata katiba mpya Agosti 2010, kwamba mageuzi ya mahakama na polisi yalikuwa yanaendelea, na kwamba upelelezi ungeanzia kwa wahalifu wa chini na kupanda hadi wa juu kabisa. Iliahidi kuleta taarifa za maendeleo katika miezi iliyofuata. Iliambatanisha pia nyaraka za kesi zilizokwisha kusikilizwa nchini.

Mei 30, 2011 majaji wa hatua ya awali walilikataa pingamizi hilo, na Agosti 30 mwaka huohuo majaji wa rufaa, kwa wingi wa kura, wakathibitisha uamuzi. Hapa ndipo magazeti mengi yalipopotea njia kwa kuandika kuwa The Hague imezihukumu mahakama za Kenya kuwa hazifai. Majaji hawakusema hivyo. Hawakufika hata kwenye swali hilo.

Sababu ni mpangilio wa maswali. Katika shauri la Germain Katanga wa Kongo, majaji wa rufaa walikuwa wameeleza Septemba 2009 kuwa swali la kwanza ni kama kuna upelelezi au mashitaka yanayoendelea, au yaliyokwisha kufanyika, katika dola husika. Jibu likiwa hakuna, shauri linapokelewa, mradi tu lina uzito wa kutosha. Swali la pili, kama dola ina nia na uwezo wa kweli, huulizwa pale tu jibu la kwanza linapokuwa ndiyo. Dola iliyokaa kimya haiwezi kujitetea kwa uzuri wa mahakama zake.

Majaji waliuliza pia: upelelezi dhidi ya nani, na kwa matendo gani? Kipimo walichokitumia ni mtu yuleyule na, kwa kiini chake, matendo yaleyale. Kesi alizoshitakiwa vijana wa vijijini hazikumhusu hata mmoja wa wale sita. Hata kesi ya kuchomwa kwa kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, iliyomalizika mwaka 2009 kwa washitakiwa wanne kuachiwa, haikuwa kesi ya wanaodaiwa kupanga mashambulizi.

Kisha ukaja ushahidi wa nyaraka. Miongoni mwa karatasi za Kenya ilikuwamo barua ya Mwanasheria Mkuu ya Aprili 14, 2011, ikimwagiza mkuu wa polisi awapeleleze watu hao sita. Barua hiyo iliandikwa wiki mbili baada ya Serikali kudai kuwa upelelezi unaendelea! Majaji waliona kuwa hawakupewa tarehe upelelezi ulipoanza, wala taarifa kama watuhumiwa walihojiwa, wala yaliyomo katika maelezo yao kama walihojiwa. Ahadi ya kesho haikuhesabiwa, kwa kuwa hali inayopimwa ni ile iliyopo siku pingamizi linapoamuliwa. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa dola, nao ulihitaji hatua zinazoonekana, yaani mashahidi waliohojiwa na majalada yaliyofunguliwa.

Kwamba mlango huo hufunguka kweli, Libya ilionyesha. Kwa machafuko yaleyale ya mwaka 2011 ilipinga mashauri mawili. La Saif al-Islam Gaddafi lilibaki The Hague, kwa sababu pamoja na mengine alikuwa mikononi mwa wanamgambo wa Zintan, na Serikali haikuweza kumpata. La Abdullah al-Senussi, aliyekuwa mkuu wa ujasusi, liliachiwa Libya Oktoba 2013 kwa kuwa alikuwa kizuizini mwa Serikali na ushahidi wa upelelezi dhidi yake ulitolewa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma Agosti 20, 2002, na makosa yaliyotendwa katika ardhi yake tangu Novemba 1 mwaka huo yamo katika mamlaka ya ICC. Watu husema kuwa dola isiyo na sheria mahsusi ya makosa hayo ya kimataifa imejifungia mlango wa kujitetea. Dai hilo si sahihi. Katika shauri la Gaddafi majaji walisema wazi kuwa kosa la kawaida, kama mauaji, linatosha iwapo mashitaka yanahusu matendo yaleyale. Kanuni ya Adhabu ingeweza kutumika. Kisichotosha ni tume ya uchunguzi peke yake. Tume ya Waki ilifanya kazi kubwa kuliko tume nyingi za Afrika, lakini tume huandika ripoti na kutoa mapendekezo. Haifungui jalada dhidi ya mtu.

Mashauri ya Kenya yenyewe yaliporomoka kwa sababu nyingine. Mashitaka ya Kosgey na Ali hayakuthibitishwa Januari 2012, ya Muthaura yakaondolewa mwaka 2013 na ya Kenyatta Desemba 2014, huku Mwendesha Mashtaka akilalamikia mashahidi na ushahidi. Aprili 5, 2016 majaji walikatisha kesi ya Ruto na Sang bila kuwatangaza kuwa hawana hatia, wakiacha nafasi ya kushitakiwa upya, The Hague au Kenya kwenyewe. Upelelezi ulioahidiwa mwaka 2011 haujamfikisha hata mmoja wa wale sita mbele ya hakimu wa Kenya kwa makosa hayo.