Mkoba wa Elfu Arobaini na Tano na Neno "OG"

Katika kurasa za WhatsApp na Instagram za wauzaji wa Tandika, Mbagala, Manzese na Tegeta kuna neno dogo linalofanya kazi kubwa kuliko mkoba wenyewe. Neno hilo ni "OG". Muuzaji ukimbana atakwambia kwamba maana yake ni "kitu kizuri", au "mzigo mkali". Mnunuzi naye hulisoma kwa maana yake ya kwanza, yaani orijino, halisi, kilichotengenezwa na mwenye jina. Biashara yote ya mikoba ya kuiga inaishi katika nafasi iliyopo kati ya maana hizo mbili. Ninataka kuijadili nafasi hiyo kwa sababu vijana wengi tunaowafundisha mchana huuza mikoba usiku, na baadhi yao wanaweza kujikuta mikononi mwa sheria kwa sababu ya sentensi tatu walizoandika chini ya picha.

Hoja yangu ni hii. Uongo wa tangazo haukai katika neno moja. Hujengwa na jina, picha, bei na ukimya kwa pamoja. Tena ipo mikoba ambayo hakuna maneno ya Kiswahili wala ya lugha nyingine yanayoweza kuifanya iuzike kihalali. Anayetaka kuandika tangazo la kweli hana budi kujua kwanza ameshika mkoba wa aina gani.

Tuanze na tofauti kati ya mtindo na alama. Mwezi Februari 1955 Coco Chanel alitoa mkoba uliopewa jina la 2.55 kutokana na mwezi na mwaka huo: ngozi iliyoshonwa kwa miraba, na mkanda wa mnyororo. Leo fundi wa Kinondoni anaweza kushona mkoba wa miraba na kuutia mnyororo bila kumwibia mtu jina, maana mshono wa miraba na mnyororo ni mtindo. Akibandika herufi mbili za C zilizopeana migongo na kuingiliana, amevuka mpaka na kuingia katika alama ya mtu. Mpaka huu hauko wazi kila mahali. Umbo la mkoba wa Birkin wa Hermès, kwa mfano, limesajiliwa Marekani kama alama ya biashara. Hata hivyo, kwa muuzaji wa kawaida swali la kwanza ni jepesi: je, mkoba huu una jina, nembo au mchoro wa kampuni ambayo haikuutengeneza?

Kama jibu ni ndiyo, hakuna tangazo la kuandika. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani ndiyo huisimamia, inalenga alama ya kughushi iliyo juu ya bidhaa, pamoja na kuiuza bidhaa hiyo au kuiweka kwa ajili ya kuuzwa. Kusema "ni kopi, jamani, msije mkasema sikuwaambia" kunamwondolea mnunuzi udanganyifu, lakini hakuifuti nembo iliyo juu ya mkoba. Kinyume chake, muuzaji ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alijua. Hali kadhalika "kopi ya kwanza", "gredi A" na maneno mengine ya daraja: yote ni ungamo lililovikwa nguo ya sifa. Anayeifuta nembo kwenye picha kwa ukungu, kisha akamkabidhi mnunuzi mkoba wenye nembo hiyo, ameongeza ushahidi mwingine tu. La kufanya ni kuurudisha mzigo kwa aliyeuleta, na safari nyingine kuagiza mikoba isiyo na alama ya mtu.

Sasa tuje kwa mkoba wenye mtindo tu, usio na nembo. Huu unauzika, na hapa ndipo maneno yana kazi. Nitatumia tangazo la mfano, ambalo nimelitunga kwa mtindo wa yale tunayoyaona kila siku:

"LV Neverfull OG, ngozi halisi, mzigo wa Dubai, boksi na kadi vipo. Bei ya ofa 45,000 badala ya 90,000. Namba ya siri ipo ndani."

Tulipekue kipande kwa kipande. "LV Neverfull" ni jina la mkoba wa Louis Vuitton, na huu si wa Louis Vuitton; jina liondoke. Wengine hujaribu kulilainisha: "staili ya LV", "mfano wa LV". Ushauri wangu ni kuliacha kabisa. Jina likishakuwamo, ndilo jicho linaloliona kwanza, na ndilo mtu analoliandika anapotafuta; neno "staili" halisomwi na mtu mwenye haraka. Soko la mtandaoni la eBay, kwa mfano, linakataza kutaja chapa kwa kulinganisha namna hiyo katika kichwa cha tangazo. Alama ya reli iliyofuatwa na jina la chapa nayo ni jina. Kuificha chini ya tangazo hakubadilishi chochote.

"Ngozi halisi" ina kichekesho chake. Mchoro maarufu wa herufi L na V pamoja na maua ulianza mwaka 1896, na familia ya Vuitton iliubuni kwa sababu walikuwa wamechoshwa na waigaji. Kitambaa kinachobeba mchoro huo si ngozi, bali ni turubai iliyopakwa utando. Ngozi huwekwa kwenye mikanda na kingo. Kwa hiyo anayeandika "LV ngozi halisi" chini ya picha ya mkoba mzima amesema uongo mara mbili, na wa pili unaonyesha kwamba hata hicho anachokiiga hakijui. Kama mkoba ni wa ngozi bandia, andika "ngozi bandia". Hilo si tusi. Ni jina la kitu.

"Mzigo wa Dubai" na "boksi na kadi vipo" havisemi kwamba mkoba ni halisi, bali vinamwachia mnunuzi aseme mwenyewe moyoni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Haimsubiri muuzaji atamke neno la uongo. "Bei ya ofa" inafanya kazi hiyohiyo. Mkoba wa Neverfull huuzwa dukani kwa zaidi ya Dola 1,500 za Marekani, Louis Vuitton haina desturi ya kupunguza bei, na haina duka Dar es Salaam. Kama mkoba wako haujawahi kuuzwa kwa 90,000, hiyo tisini inamdanganya mnunuzi kuhusu bei, juu ya kumdanganya kuhusu asili.

"Namba ya siri" nayo haithibitishi lolote. Kwa miaka mingi Louis Vuitton iliweka ndani ya mikoba yake msimbo ulioonyesha mahali na wakati wa kutengenezwa. Haukuwa namba ya pekee ya mkoba mmoja, na waghushi waliunakili kama walivyonakili maua. Mwaka 2021 kampuni ilianza kuachana na misimbo hiyo na kutumia vipande vidogo vya kielektroniki. Muuzaji asiyejua mambo haya anaitaja namba kama ushahidi wa kitu asichoweza kukishuhudia.

Tukishapekua hivyo, tangazo la kweli linabaki hivi:

"Mkoba mpana wa bega, wa kahawia, hauna chapa. Si wa kampuni yoyote yenye jina. Mpya, umetengenezwa China. Nje ni ngozi bandia, ndani bitana ya kitambaa, zipu moja na mfuko mmoja mdogo. Upana sentimita 32, kimo 28, kina 15. Picha ni ya mkoba wenyewe. Shilingi 45,000."

Angalia mpangilio wake. Kanusho liko katika mstari wa kwanza, halikusukumwa mwisho, kwa sababu matangazo yetu husafiri kwa kupigwa picha ya skrini na kutumiwa tena, na kinachokatwa njiani ni mistari ya chini. Picha ni ya mkoba wenyewe. Haikuchotwa kwenye tovuti ya kampuni ya Paris. Vipimo na malighafi vimejaza nafasi iliyoachwa na jina, na kwa mnunuzi hizo ndizo habari zenye faida: atajua kama kompyuta yake inaingia.

Nimesikia utetezi unaosema kwamba bei inatosha: hakuna mtu mwenye akili timamu anayedhani mkoba wa 45,000 ni wa Ufaransa. Utetezi huu ungekuwa na nguvu katika nchi isiyo na mitumba. Hapa kwetu mtu hufungua belo na kukuta koti halisi la Ulaya akaliuza kwa bei ya soda chache. Mnunuzi wa Temeke ana sababu nzuri ya kuamini kwamba kitu halisi kinaweza kuwa rahisi. Kwa hiyo bei ya chini haikanushi chochote. Ni lazima maneno yakanushe. Na anayeuza mtumba wenye nembo, asiyejua kama ni halisi, asiandike "nadhani ni OG". Ama apate uthibitisho wa mtu anayejua, ama asiuuze kwa jina hilo.

Lipo jaribio la mwisho, nalo huja baada ya tangazo. Dada mmoja anauliza hadharani: "Kaka, ni OG?" Jibu la mazoea ni "Njoo inboksi, dada, mzigo mkali." Hilo ndilo jibu linalobomoa tangazo lote, hata kama liliandikwa vizuri. Jibu la kweli ni fupi, na linaandikwa palepale wengine wakiona: "Hapana, dada. Hauna chapa, ni ngozi bandia, uko imara."

Kwa wasomaji wangu walio serikalini nina neno moja. Sheria hizi mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali udanganyifu unaozungumziwa unatendeka kwa Kiswahili cha mtaani, kwa maneno kama "OG" na "mzigo wa Dubai". Bidhaa za kughushi huingia nchini kwa makontena, na aliyezileta ana wakili. Anayepanga mikoba mitano kwenye mkeka pale Tandika hana. Ningependa kuona Tume ya Ushindani na BRELA wakitoa ukurasa mmoja tu wa Kiswahili chepesi: upande huu tangazo linalopotosha, upande ule tangazo lililonyooka, na katikati sababu. Kumnyang'anya binti mzigo wake huchukua nusu saa na humwachia deni la mtaji. Kumwonyesha mapema mstari upi autoe kungemgharimu mnyang'anyi huyo karatasi moja.