Umeweka Vyuma vya Meno? Achana na Uji, Pika Mtori

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini kaweka vyuma vya meno, kila siku anaposti kikombe cha uji na kulia njaa. Jamani, uji mtupu haumfikishi mtu mzima jioni! Mimi nasema mtori. Chemsha nyama mpaka ilainike, tia ndizi mbichi na kitunguu, zikiiva ponda. Nyama isage kabisa, maana nyuzi zake hunasa kwenye vyuma. Unashiba bila kutafuna.

Ila kama umeng'olewa jino, subiri mtori upoe, na usinywe chochote kwa mrija. Ukivuta, damu iliyoganda kwenye kidonda inaweza kutoka, mfupa unabaki wazi, na hayo maumivu hutayasahau. Nyie mlikula nini?