Sikio la Mzee Mwenye Kisukari Lisichezewe

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, mzee mwenye kisukari akisema sikio linamnyima usingizi, msimtume mtoto dukani kununua dawa ya matone mkaona yamekwisha. Yapo maambukizi yanayoanzia kwenye ngozi ya tundu la sikio, yakapenya hadi kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Daktari Chandler wa Marekani alipoyaeleza mwaka 1968, karibu nusu ya wagonjwa wake walikufa. Siku hizi tiba ipo, ila haimngojei anayechelewa.

Tumchukue mzee wa miaka sabini wa pande za Keroka. Sikio lilimwasha, akalikuna kwa njiti ya kiberiti, halafu likapigwa maji ili nta itoke. Bakteria wa ugonjwa huu hustawi penye majimaji, na mchubuko ule mdogo uliwafungulia mlango. Kwa kuwa kisukari kimeharibu mishipa yake midogo ya damu, kinga ya mwili inafika pale kwa shida. Usaha unatoka. Usiku maumivu yanazidi, na akitafuna yanashika taya. Joto la mwili liko sawa, na hapo ndipo jamaa hudanganyika wakadhani ni sikio la kawaida.

Wiki zinapita, mdomo unapinda na jicho la upande ule halifumbiki. Msianze minong'ono ya kurogwa, wala msikae mkisema ni kiharusi. Neva ya uso hupita karibu na mfupa ule, nayo imefikiwa.

Mpelekeni mapema, mdomo ukiwa bado haujapinda, katika hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, na daftari lake la kliniki ya kisukari. Daktari akichungulia hukuta kinyama chekundu sakafuni mwa tundu, pale gegedu inapokutana na mfupa. Atachukua usaha upimwe, na kipande cha kinyama kile pia, maana saratani ya sikio huweza kufanana nacho kabisa. Mgonjwa asimezeshwe antibiotiki za kubahatisha kabla ya hapo, kwani huwaficha bakteria wasionekane kwenye kipimo. Kisha ataagiza picha ya skani kuona mfupa umeliwa kiasi gani.

Dawa inayotumika sana ni siprofloksasini, na humezwa wiki sita hadi nane huku sukari ikidhibitiwa. Wengi hukosea hapa. Maumivu hupungua mapema, mzee akalala, familia ikaacha kununua vidonge. Mfupa bado haujapona! Bakteria waliosalia hurudi wakiwa sugu, na dawa ile ile haiwafanyi kitu. Basi ninyi watoto mlio Nairobi, mkichanga fedha za dawa, changeni za wiki zote sita au nane, si za siku tano.